Hela ya Soda, Chaji ya Huduma na Malipo ya Shifti: Jinsi ya Kugawana Bila Mpishi Kukukimbia

Somo la leo ni la sisi tunaouza chakula kwa oda za simu, tukiwa na vijana wawili watatu wa kutusaidia. Nitakusimulia la kwangu, halafu nikupe hesabu kamili.

Mimi nina mgahawa mdogo hapa Peramiho, barabara ile inayokwenda hospitali ya misheni. Wateja wangu wakubwa ni ndugu waliokuja kuuguza, watumishi, na watu wa vikao. Wengi hawaingii ndani kabisa. Wanaona menyu kwenye stetasi, wanatuma oda Wasapu, wanalipa kwa Lipa Namba, chakula kinawafuata. Jumatatu moja saa 11 alfajiri mpishi wangu hakutokea. Nikapiga simu, akaniambia kwa upole, "Dada, mimi napika, wao wanashukuriwa." Akaenda kwa mwenzangu wa mtaa wa pili kwa mshahara uleule.

Nilipokaa chini nikaelewa. Mteja akila mbasa wa kuchoma akafurahi, alikuwa anatuma elfu moja zaidi, anaandika "hiyo ya soda". Mhudumu aliyeshika simu siku hiyo ndiye aliyeipata. Mpishi aliyesimama motoni hakupata kitu, na dada wa usafi hata hakujua kama hiyo hela ipo. Tena mimi mwenyewe nilikuwa naweka chaji ya huduma kwenye oda za vikao, na yote ilikuwa inaingia mfukoni kwangu. Sikuwa nimeiba, ila sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote ile hela ni ya nani. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwanza tenganisha hela tatu

Ya kwanza ni mshahara. Hiyo ni deni lako wewe bosi. Biashara ikiuza au isipouza, mtu akishafanya kazi unadaiwa.

Ya pili ni bakshishi, yaani tipu, hela ya soda, "chenji baki nayo". Hiyo mteja ametoa kwa hiari yake kuwashukuru waliomhudumia. Kwako inapita tu.

Ya tatu ni chaji ya huduma. Hii unaiweka wewe kwenye bili, na mteja hana hiari. Hapa ndipo wengi tunateleza. Ukiandika "chaji ya huduma", mteja anaelewa kwamba inakwenda kwa waliomhudumia, na ndiyo maana akishalipa haongezi ya soda. Ukiichukua wewe, umewakata vijana mara mbili: hawajapata chaji, na tipu wameikosa. Kama unachotaka ni kurudisha gharama za kontena na bodaboda, andika "kifungashio" na "usafiri". Ziite gharama kwa majina yake. Na usichanganye chaji hii na ushuru wa huduma unaotozwa na halmashauri, hicho ni kitu kingine kabisa. Kumbuka pia kwamba chaji iliyopo kwenye bili ni sehemu ya malipo ya mteja, kwa hiyo kwenye risiti inatakiwa ionekane.

Mshahara usimamie miguu yake

Kabla hujagusa tipu, hakikisha malipo ya shifti yamekaa sawa. Ukiwa na mfuko mzuri wa tipu, kishawishi ni kusema, "Si umepata ya soda? Ya masaa ya ziada tuache." Hiyo haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi bosi nafasi ya kulipa masaa ya ziada kwa hela ya mteja.

Sheria hiyo inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku, siku 6. Zaidi ya hapo ni ya ziada, na kila saa inalipwa mara moja na nusu. Hata kukiwa na ziada, mtu asivuke masaa 12 kwa siku moja.

Ili ujue saa moja ni shilingi ngapi, chukua mshahara wa mwezi ugawe kwa 195. Namba hiyo inatoka hapa: mwezi una wiki 4.333, ukizidisha kwa masaa 45 unapata 195. Tuseme mpishi analipwa 234,000 kwa mwezi. Gawa kwa 195, saa yake moja ni 1,200. Saa ya ziada ni 1,800. Wiki aliyofanya masaa 51 amezidisha 6, kwa hiyo unamdaiwa 10,800 juu ya mshahara.

Kuna mambo mawili yanasahaulika sana kwenye migahawa. Moja ni alfajiri. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mpishi wangu anaingia saa 11 alfajiri kuwasha moto wa uji, kwa hiyo saa moja ya kila siku ni ya usiku. Nyongeza yake ni shilingi 60. Ni ndogo, ila ukimlipa anajua kwamba unahesabu.

La pili ni sikukuu. Siku za Pasaka na Krismasi Peramiho inajaa watu, na tipu zinakuwa nyingi. Bosi anaona vijana wamepata, anaamua ya sikukuu yaishie hapo. Hapana. Sikukuu ya kitaifa saa moja inalipwa mara mbili. Kwa yule wa 1,200, masaa 8 ya sikukuu ni 19,200, na tipu za siku hiyo zinabaki zao.

Halafu usimtangazie mtu kazi kwa kusema "mshahara na tipu utafikisha laki tatu". Tipu zinapanda na kushuka. Kima cha chini cha mshahara kinapangwa na Amri ya Mishahara ya serikali. Iliyotangazwa Oktoba 2025 ilianza kutumika Januari 1, 2026. Pita ofisi ya kazi Songea uulize kiwango cha sekta yako. Mshahara ufike hapo peke yake, bila tipu kuusukuma.

Zikamate tipu kabla hazijapotea

Za kaushi ni rahisi. Mimi nina kopo la bati lenye kufuli kaunta, tumetoboa tundu juu. Ufunguo anao dada wa usafi, mimi sina. Mhudumu akipewa "chenji baki nayo", anatumbukiza palepale.

Za simu ndizo ngumu, kwa sababu kwenye Lipa Namba zinaingia pamoja na mauzo. Bili ni 11,000, unaona imeingia 12,000. Jioni unatoa mauzo yote, elfu moja ya watu imeshayeyuka. Dawa yake ni kuandika muamala ukiwa bado wa moto. Kwenye daftari la oda ongeza safu mbili tu: "bili" na "iliyoingia". Tofauti yake ndiyo inayokwenda kwenye mfuko wa tipu.

Ila usidhani kila kilichozidi ni zawadi. Mtu anayeuguza ana mawazo, anaweza kukosea kuandika. Sisi tunamjibu hivi: "Asante, tumepokea 12,000. Bili yako ni 11,000. Hiyo elfu moja turudishe au ni ya vijana?" Akisema ya vijana, jibu lake kwenye simu ndiyo ushahidi wenu. Akisema rudisheni, mnarudisha. Akinyamaza, inakaa pembeni mpaka wiki iishe, akirudi kuulizia anaikuta.

Kila jioni hela ya tipu iliyoingia kwenye simu ihamishe, itoke kwenye laini ya biashara. Sisi tunaitoa kaushi na kuitumbukiza kwenye kopo lilelile. Makato ya kutoa yawe yako bosi, kwa sababu ni wewe uliyechagua kupokea kwa simu. Ukiwakata wao, kila elfu inafika imeliwa.

Nani apate kiasi gani?

Wahudumu walinipinga mwanzoni. "Dada, mteja kanipa mimi mkononi." Wana hoja, na kwenye mgahawa wenye meza nyingi ambapo mhudumu anakaa na mteja saa nzima, wapo wanaomwachia mhudumu sehemu kubwa. Lakini jiulize, mteja wako alikuwa anashukuru nini? Mteja wa oda ya simu hajamwona mhudumu wala tabasamu lake. Ameona chakula cha moto, kontena safi, na kimefika kwa wakati. Hapo mpishi yupo, aliyeosha vyombo yupo, aliyejibu simu yupo. Kwa biashara ya oda, mfuko mmoja wa wote ndio unaoendana na ukweli.

Kugawa sawa kwa vichwa kuna kasoro yake: aliyekuja siku tatu anapata sawa na aliyekuja sita. Kwa hiyo tulichagua pointi kwa saa. Kila kazi ina pointi zake, unazidisha kwa masaa aliyofanya mtu, halafu mfuko unagawanywa kwa jumla ya pointi.

Tulikaa kikao, tukakubaliana mhudumu apate pointi 4 kwa saa, mpishi 4, na wa usafi 3. Wa usafi alikuwa amependekezewa 1. Nikawauliza, sahani zikikaa chafu saa saba mchana mtapakulia wapi chakula? Wakapandisha wenyewe. Namba zako zinaweza kuwa tofauti, ila ukiona kuna mtu pointi zake ni nusu ya mwenzake au chini, jua huyo ndiye atakayeondoka.

Sasa tazama wiki moja. Kopo lilikuwa na 13,500 za kaushi. Za simu zilikuwa 9,500. Jumla ya tipu 23,000. Wiki hiyo tulikuwa na kikao cha watu 38, sahani 5,000, jumla 190,000. Chaji ya huduma asilimia 10 ikatoa 19,000. Mfuko wote ukawa 42,000.

Masaa na pointi zilikuwa hivi:

- Mhudumu wa kwanza: masaa 45 × 4 = pointi 180
- Mhudumu wa pili, hakuja siku mbili: masaa 30 × 4 = pointi 120
- Mpishi: masaa 51 × 4 = pointi 204
- Dada wa usafi: masaa 32 × 3 = pointi 96

Jumla ni pointi 600. Chukua 42,000 gawa kwa 600, pointi moja ni shilingi 70. Kwa hiyo:

- Mhudumu wa kwanza: 12,600
- Mhudumu wa pili: 8,400
- Mpishi: 14,280
- Dada wa usafi: 6,720

Jumlisha upate 42,000 kamili. Ikikataa, kuna saa umekosea kuandika, rudia kabla hujalipa. Ili kukwepa sarafu tunashusha hadi mia ya karibu: mpishi 14,200, usafi 6,700. Shilingi 100 inayobaki inaingia wiki inayofuata, na inaandikwa.

Umeona mpishi amepata zaidi? Si kwa sababu tunampendelea. Amefanya masaa 51. Na bado ile 10,800 yake ya masaa ya ziada natoa mimi, kutoka kwenye mauzo. Mfuko wa tipu hauguswi.

Mtu wa bodaboda hayumo, kwa sababu analipwa kwa safari na mteja mara nyingi anampa yake mlangoni. Kama wako umemwajiri kwa mshahara na anavaa tisheti yako, mwingize kwenye pointi, na anachopewa mlangoni nacho kiingie kopo. Achague upande mmoja.

Bosi, wewe kaa nje

Kuna siku nasimama mwenyewe kaunta, napakua, nabeba sahani. Na bado sipati pointi hata moja. Faida yote ya biashara ni yangu, nikiingia na kwenye kopo nakuwa nimekula kotekote. Wenzetu wamefika mpaka kuandika sheria. Marekani tangu mwaka 2018 sheria inakataza mwajiri, meneja na msimamizi kujichukulia tipu za wafanyakazi. Uingereza, kuanzia Oktoba 1, 2024, mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi tipu zote pamoja na chaji ya huduma, bila makato yake, na awe na utaratibu wa ugawaji ulioandikwa. Huku kwetu kijiji hakikusubiri sheria hiyo. Ukila za watoto wa watu, watu wanajua.

Kukaa nje maana yake pia usikate vitu humo. Sahani ikivunjika, mteja akikimbia bila kulipa, gesi ikiisha, hiyo ni ya biashara. Hata kwenye mshahara, ukitaka kumkata mtu kwa hasara, sheria inataka hasara iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake, umpe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Kwenye kopo la tipu hilo halipo hata kwa robo.

Siku ya kugawa

Sisi ni Jumamosi jioni baada ya kuosha sufuria. Kopo linafunguliwa wote wakiwepo. Mmoja anahesabu, mwingine anasoma masaa kutoka kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani jikoni. Kila mtu anaandika mwenyewe saa aliyoingia na kutoka, mwenzake anatia sahihi. Hesabu inafanywa kwa simu mbele ya wote, hela inatolewa, kila mmoja anasaini daftari. Haizidi dakika 15. Ukiichelewesha wiki mbili tatu, watu wanaanza kukisia, na makisio ya mtu huwa ni makubwa kuliko kilichomo kopo.

Anayeacha kazi katikati ya wiki analipwa pointi za masaa yake Jumamosi hiyohiyo. Usimnyime kwa hasira. Pointi zenyewe hatuzibadilishi katikati ya mwezi. Mwenye hoja anaileta kikao cha mwisho wa mwezi.

Je, utajuaje kama kuna anayeficha? Andika kopo limeingiza ngapi kila siku na nani alikuwa kaunta. Siku moja kuwa tupu si kitu, watu wa vijijini wakishauza mahindi wanatoa, kabla ya mavuno hawana. Lakini ukiona wiki nne mfululizo, oda ni zilezile, na kopo linashuka kila akikaa mtu mmoja, hapo zungumza naye pembeni, ukiwa na daftari mkononi. Mara moja ilinitokea. Kumbe binti alikuwa haelewi kwamba hata ile mia mbili ya chenji inatakiwa iingie. Hakuwa mwizi, mimi sikuwa nimemweleza.

Utaratibu wote wetu umeandikwa nusu karatasi, upo ukutani: hela zipi zinaingia kopo, pointi za kila kazi, siku ya kugawa, bosi hayumo. Mtu mpya akija siku ya kwanza anausoma kabla hajavaa aproni.

Mpishi yule wa kwanza hakurudi, na sikumlaumu. Aliyepo sasa, Jumamosi iliyopita mteja wa wodini alimtumia ujumbe wa shukrani na 2,000. Alikuja nayo kaunta mwenyewe, akaitumbukiza kwenye kopo, akarudi kugeuza maandazi.

Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako mwenye vijana wawili watatu. Leo jioni anza na kitu kimoja tu: zile safu mbili kwenye daftari, "bili" na "iliyoingia".